Tupeane uzoefu: uliwahi kuikata simulizi wapi, na wasomaji wakasemaje?

Kalamu Butu
Wakuu, natunga simulizi ya mfululizo na sasa nipo sehemu ya 23. Nimeleta mada hii kwa sababu ya sehemu ya 14, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Mhusika wangu Salome kaingia usiku ofisini kwa bosi wake kutafuta daftari la malipo. Kalipata, kalifungua, mara anasikia hatua za mtu koridoni. Kitasa kikazunguka. ITAENDELEA.

Nikajiona fundi. Siku nne watu wanalilia mwendelezo. Sehemu ya 15 ikaanza kwa mlinzi kuchungulia: "Ah, kumbe ni wewe dada, nikajua mwizi," akaenda zake. Msomaji mmoja akaniandikia, "Siku nne zote tulikuwa tunasubiri salamu?" Tangu hapo nikizungusha kitasa hashtuki mtu. Wenzangu mlikosea wapi, mkapatia wapi?

Mama Wawili
Mimi msomaji tu. Kuna mtunzi katuacha na arosto sehemu ya 61: bibi harusi yuko mbele ya padri, sauti inatoka nyuma ya kanisa, "Ndoa hii haifungwi!" Huu mwaka wa pili. Mwenye mwendelezo anitumie jamani, hata kwa muhtasari.

Kalamu Butu
Pole dada, lakini hapa tunaongelea kukata kwa makusudi. Huyo wako kakimbia.

Jongoo Mpole
Msimcheke, huenda ni kitu kimoja. Mimi nimewahi kuwa huyo mtunzi. Sehemu ya 30 nilimtoa mtu kwenye gari, kavaa kofia, uso hauonekani, mhusika wangu mkuu wa kike kamwangalia akapiga kelele, "Wewe!" Nikaikata hapo. Wasomaji wakaanza kubahatisha: ni mume wa kwanza, ni pacha, ni yule daktari. Tatizo ni kwamba hata mimi sikumjua. Nilitaka tu kelele ile, nikajiambia nitajua mbele ya safari. Kila jibu nililojaribu lilipingana na kitu nilichokwisha kukiandika: mume wa kwanza nilimzika sehemu ya 9 mbele ya watu, na daktari nilimpeleka ng'ambo. Nikaandika sehemu ya 31 mara tano, zote nikazitupa, mwisho nikanyamaza. Watu wanadhani mtunzi akiacha njiani ni mvivu. Mwingine amejifungia mlango mwenyewe na ufunguo hana.

Mzee wa Fasihi
Mtindo huu aliuanzisha Thomas Hardy mwaka 1873. Alimwacha mhusika wake, Knight, akining'inia kwenye genge juu ya bahari, wasomaji wa jarida wakasubiri toleo lijalo. Ndiyo maana Waingereza wanauita kwa jina la kuning'inia gengeni.

Saa Tatu Usiku
Mzee wangu, Knight kweli alining'inia, na ni mfano mzuri. Ila jina lenyewe lilianza kuandikwa miaka ya 1930, enzi za filamu za mfululizo. Na kukata kwenyewe ni kwa zamani zaidi: Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alikuwa akinyamaza alfajiri ili asubuhi asiuawe na mfalme. Tena ukizisoma zile hadithi vizuri, mara nyingi anakatia katikati ya mazungumzo ya kawaida kabisa, hakuna upanga wala jini. Anayefanya kazi ni mdogo wake, anayesema hadithi ilivyo tamu, naye anajibu kwamba hiyo si kitu mbele ya atakayosimulia kesho.

Nimeandika michezo ya redio miaka kumi na moja, kwa hiyo nirudi kwa Salome, maana kosa lake nimelifanya sana. Kalamu Butu, wewe ulimnyima msomaji kitu. Alijua kuna mtu mlangoni, hajui nani. Swali la namna hiyo lina jibu la neno moja, na likijibiwa limekwisha. Kama jibu ni dogo, anajiona ametapeliwa. Kama ni kubwa, umeokoka, lakini mara ya pili itakubidi uweke kubwa zaidi.

Sasa jaribu hivi. Mlinzi mwondoe kabisa, ofisi iwe kimya. Salome anafunua daftari, anashusha kidole kwenye orodha ya waliolipwa, anakuta saini ya baba yake. Tarehe iliyo pembeni ni ya miezi miwili baada ya mazishi. Kata hapo. Hujamficha msomaji kitu: anachokiona Salome na yeye anakiona. Lakini yote aliyoyaamini tangu mwanzo yametikisika, na maswali anayatunga mwenyewe: baba yu hai? Saini imeghushiwa? Mama anajua? Siku zako nne atazitumia kurudia sehemu za nyuma, si kuhesabu masaa.

Ina gharama yake. Saini hiyo lazima msomaji awe ameshaiona. Iweke mapema, tuseme sehemu ya 5, kwenye barua ya zamani, na herufi moja yenye mkia mrefu ambao Salome alikuwa akiuiga utotoni. Usipoipanda, sehemu ya 14 itabidi usimame kueleza kwamba "hii ilikuwa saini ya baba yake, aliyezoea kuandika hivi na hivi", na mshtuko unafia kwenye maelezo.

Kalamu Butu
Mkuu, umeniumiza. Baba yake Salome yu hai, wanaishi nyumba moja!

Saa Tatu Usiku
Basi tafuta saini ya mtu mwingine, lakini kwanza jua aliitia kwa nini. Mimi siandiki mistari miwili ya mwisho kabla sijaandika mistari kumi ya mwanzo ya sehemu inayofuata. Kumi hiyo ikinishinda, nahamisha mahali pa kukatia. Jongoo angekuwa na kumi yake, yule mwenye kofia asingeshuka kwenye gari.

Jongoo Mpole
Kweli kabisa.

Nusu Ukurasa
Mimi sikubaliani kwamba kitasa ni kibaya. Wasomaji wangu wanasoma kwa simu wakiwa safarini, wengi hawakumbuki mkia wa herufi ya sehemu ya 5. Hatari inaeleweka na kila mtu. Ninachofanya ni kuhakikisha mlango ukifunguliwa, aliyeingia anabadilisha kitu. Mlinzi angemkamata tu Salome, malalamiko yangetoka wapi?

Saa Tatu Usiku
Hapo una hoja. Mlinzi akimkamata, kitasa kimelipa deni lake. Mimi bado naogopa kukirudia sehemu tatu mfululizo.

Mama Wawili
Mkituuliza wasomaji, kinachoniudhi ni kuruka. Mtu kaachwa kisimani, sehemu inayofuata inaanza na shangazi mtu anapanga safari. Moja navumilia. Ya pili naruka mistari kutafuta neno "kisima".

Nusu Ukurasa
Na wale wanaobadilisha? Sehemu ya 8 inaisha "risasi ikampata kifuani", ya 9 inaanza "risasi ikampita begani".

Mama Wawili
Hao nawarudia nyuma kuhakiki, halafu nawaacha. Lakini jamani, yule wa kanisani, hakuna hata mmoja anayemfahamu?

Jongoo Mpole
Dada, sauti ile ilikuwa ya mwanamume au mwanamke?

Mama Wawili
Hakuandika. "Sauti" tu.

Jongoo Mpole
Basi hata yeye hakumjua.