Darasa la matamshi hapa Kigoma: tumelipa miezi miwili na mke wangu bado anasema "mahari" akimaanisha "mahali"

Mzigo_Kibirizi:
Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Mke wangu ni wa Rumonge, Burundi. Kiswahili kakianza ukubwani, baada ya mimi kumuoa. Kuongea anaongea, na biashara ya dagaa anaisimamia mwenyewe, ila r na l kwake ni sauti moja. Kirundi hakizitenganishi, kwa hiyo sikio lake halijawahi kuwa na sababu ya kuzigawa. Akimuuliza mteja "mzigo niuweke mahari gani?" wanaume wanaangua kicheko, wanamuuliza ni ng'ombe wangapi. Sasa kaahidiwa usaili wa kazi ya mapokezi, akaona ajinoe. Tukapata darasa la matamshi kule Mwanga, 80,000 kwa mwezi.

Juzi nikakaa nyuma ya darasa nione hela inakwenda wapi. Ubaoni kuna safu mbili: kushoto kalamu, kula, mahali, mbali; upande wa kulia karamu, kura, mahari, mbari. Mwalimu anasema "kalamu", darasa zima "kalamuuu". "Karamu", "karamuuu". Kushoto, kulia, mpaka chini ya ubao, kila mtu kakodolea macho maandishi. Hata mimi ukinipa Kichina kwa mtindo huo nitaonekana mtaalamu!

Baada ya hapo anawasha spika, taarifa ya habari, wote wamfuatishe mtangazaji papo kwa papo. Mtangazaji anakimbia, wao wanamfukuza, na katika kelele zile hakuna anayejisikia mwenyewe.

Usiku nikachukua daftari, nikakaa nyuma yake asione midomo yangu, nikamsomea maneno yaleyale bila mpangilio, nikiyarudiarudia. Akisikia l anyooshe mkono wa kushoto, r wa kulia. Kati ya maneno 20 kapata 11. Yaani hiyo ni kubahatisha tu! Na kwenye karatasi yake ya maendeleo kaandikiwa "vizuri sana".

Nimemfuata mwalimu, ananijibu "sikio litafunguka lenyewe, aendelee kufuatisha". Hela harudishi. Kuna mtu humu anaijua hii kazi aniambie kama naonewa?

Baba_Gungu:
Pole mkuu. Hilo darasa lina Kiingereza pia? Mwanangu yuko kidato cha pili, hesabu anajitahidi ila Kiingereza hapana.

Mzigo_Kibirizi:
Mzee wangu, nimetoka kulalamika halafu wewe unaomba namba ya kujiandikisha?

Nyuki_Tabora:
Mwalimu yuko sahihi, wewe huna subira. Mimi Kiingereza nimekishika nikiwa na miaka zaidi ya thelathini, kwa kumfuatisha mtangazaji wa redio nikiwa kwenye baiskeli, Ipuli mpaka mjini, kila asubuhi. Nilikuwa kama kivuli chake. Leo wazungu wa asali wananiuliza nimesoma wapi. Hayo ya kalamu na karamu ni ya chekechea, mwambie shem aachane nayo.

Mwl_Sikonge:
Nyuki, kufuatisha kumekusaidia na sikatai, lakini ugonjwa wako na wa shemeji ni tofauti.

Mzigo, kipimo ulichofanya usiku kilitakiwa kuwa somo la kwanza la darasa lile. Ukimpa mtu jozi kwa mpangilio usiobadilika, tena anaziona zimeandikwa, hasikilizi chochote. Anasoma. Zoezi la jozi lina faida pale tu mwanafunzi asipojua neno gani linakuja, akalazimika kuchagua, na akaambiwa papo hapo kapata au kakosa. Akikosa, arudiwe neno lilelile pamoja na pacha wake.

Kitu cha pili ni sauti za wasomaji. Suala hili la r na l lilipimwa sana kwa Wajapani wanaojifunza Kiingereza, maana na wao hawazitenganishi. Logan, Lively na Pisoni, Marekani, walichapisha mwaka 1991 kwamba Wajapani watu wazima walipofundishwa kwa jozi zilizosomwa na watu mbalimbali, usikivu wao ulipanda. Miaka miwili baadaye walijaribu kutumia msomaji mmoja tu: wanafunzi walimzoea huyo, lakini kwa sauti ngeni maendeleo hayakuhamia. Shemeji ana sauti ya mwalimu peke yake. Hata angefaulu pale darasani, mteja wa Kibirizi angemchanganya.

Kwa hiyo kusanya rekodi za watu watano au sita, wanaume kwa wanawake, kila mmoja asome maneno hayohayo. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Mpime kwa sauti ambayo hajawahi kuifanyia zoezi. Akivuka 15 kati ya 20 mara kadhaa, hapo siyo bahati tena.

Nyuki_Tabora:
Sawa mwalimu, ila nina shangazi anatamka r na l vizuri kabisa, na ukimtega kwa masikio anachemka. Kwa hiyo sikio si lazima litangulie!

Mwl_Sikonge:
Hapo umenishika. Watu wa hivyo wapo, hata kwa Wajapani walishaonekana: kutamka kwao kuzuri kuliko kusikia kwao. Mara nyingi walifundishwa ulimi unakaa wapi. Nisingesema kuna njia moja tu.

Na hilo la ulimi linafundishika, Mzigo. L unaweza kuivuta: ncha ya ulimi inabaki imegusa juu nyuma ya meno, pumzi inatokea pembeni, "llll" mpaka uchoke. R ya kawaida ya Kiswahili ni kugonga mara moja na kuondoka, ukiibana imekufa. Mwambie aseme "maha-llll-i", aivute kwa makusudi, halafu aifupishe kidogokidogo. Kumpima usitumie sikio lako, wewe umeshamzoea na unajua anataka kusema nini. Arekodi maneno yaliyochanganywa, mpe jirani asiyeona orodha aandike anachosikia.

Mzigo_Kibirizi:
Sasa huko kufuatisha habari niachane nako?

Mwl_Sikonge:
Hapana. Kunajenga mapigo ya lugha: mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wapi pa kupumua, maneno kuungana. Kirundi kina irabu ndefu na fupi na kina toni, kwa hiyo hapo shemeji lazima alikuwa na kazi. Ila sauti asiyoisikia hawezi kuifuatisha. Mwendo ukiwa mkali ubongo unajazia r yake ya nyumbani na yeye anaamini kamuiga mtangazaji.

Chukua kipande cha nusu dakika, cha mtu anayeongea taratibu. Kwanza asikilize aelewe, kisha afuatishe akiwa na maandishi, kisha bila maandishi. Kisikizi kimoja sikioni, sikio jingine libaki wazi ajisikie. Arekodi, alinganishe, arudie kipande hichohicho. Taarifa nzima ya habari kwa darasa zima ni kelele.

Mzigo_Kibirizi:
Kweli, lile la kuvuta maneno limepungua tangu aanze, hilo nakubali. Lakini 160,000 kwa hilo tu?

Dada_Ujiji:
Kaka, mimi nilifundisha Kiswahili wageni. Hata akifika 20 kwa 20 kwenye orodha, usishangae sokoni akirudia "mahari" akiwa na haraka. Kuna walionyooka baada ya miezi, na kuna ambao mpaka leo wakikasirika inarudi. Sikuwahi kujua nani atakuwa nani. Usaili ni lini?

Mzigo_Kibirizi:
Mwisho wa mwezi. Jumamosi narudi kwa mwalimu na daftari lenye 11 kati ya 20, anipe angalau nusu. Dada, kama una nafasi nitumie sauti yako wasapu, maneno yale manane, bila mpangilio. Na wewe Mwalimu. Nyuki pia, ila usisomee kwenye baiskeli.

Nyuki_Tabora:
Natuma usiku. Ila bado nasema kufuatisha kungetosha.

Baba_Gungu:
Mwl_Sikonge, na Kiingereza unafundisha?