Matangazo mawili ya kazi, yote yanasema "haraka": tuamini lipi?

Asha wa Ujiji
Habari za asubuhi wakuu. Mdogo wangu ana diploma ya ugavi, yuko nyumbani hapa Kigoma tangu mwaka jana. Leo amepata matangazo mawili.

La kwanza limekuja Wasapu: "AJIRA ZA HARAKA! Msimamizi wa ghala, Kasulu. Zimebaki nafasi 3 tu. Mwisho LEO saa 10 jioni." Alituma wasifu, na baada ya dakika 20 akajibiwa kwamba amechaguliwa, alipe 35,000 ya fomu na vipimo vya afya kabla ya saa 10, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

La pili ni la shirika lenye mradi Kibondo: "Anahitajika haraka. Mwisho wa maombi ni Ijumaa ijayo saa 11:00 jioni. Maombi yatapitiwa kadiri yanavyoingia, na nafasi inaweza kufungwa kabla ya tarehe hiyo." Hili ndilo linanitia shaka zaidi, maana tarehe wameweka halafu wanasema wanaweza kufunga kabla. Hela hajalipa, anataka nimkopeshe. Nishaurini leo hii.

Kijana wa Mwanga
Dada, yote ni utapeli. Kazi ya kweli haina haraka. Ukiona "haraka" pita mbali.

Mzee wa Ghala
Asha, hiyo 35,000 usiitoe. Ila mdogo wangu wa Mwanga, hapo kwenye haraka umekosea. Nilikaa dawati la ajira miaka minne kwenye mradi katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Mradi ukibakiza miezi michache na mtunza ghala akaacha kazi, chakula hakimsubiri mtu. Tulitangaza "haraka" na tulimaanisha.

Lakini angalieni haraka yetu ilikuwa ya namna gani. Kwa kawaida mchakato ulikula miezi miwili. Tukiharakisha, wiki mbili au tatu. Bado lazima watu wakae wasome maombi, wachague wa kuita, wawape mtihani wa kuandika, wawasaili, kisha wapige simu kwa wadhamini. Hakuna aliyechaguliwa kwa dakika 20, hata siku ghala lilipokuwa halina mtu kabisa.

Ndiyo maana sentensi inayokutia shaka ni ya kweli kabisa. "Kadiri yanavyoingia" maana yake hawasubiri Ijumaa ndipo waanze kusoma. Wakipata mtu Jumanne, wanafunga, na wanakueleza mapema ili usije kulalamika. Mdogo wako atume leo au kesho.

Sasa rudi kwenye lile la Wasapu. Saa 10 ilikuwa mwisho wa nini? Kwanza wa kutuma maombi. Alipotuma, saa ileile ikageuka kuwa mwisho wa kulipa. Mwajiri anakuharakisha ulete maombi, kisha yeye ndiye anayebaki na kazi ya kusoma. Tapeli anakuharakisha wewe tu, yeye hana cha kusoma.

Neema K
Mimi nilikosa nafasi serikalini kwa kusubiri siku ya mwisho kwenye Ajira Portal, mtandao ukagoma usiku. Kwa hiyo mwambie alipe tu mapema asije akajuta kama mimi.

Mzee wa Ghala
Pole sana Neema, lakini lako lilikuwa la kutuma maombi, hili ni la kutoa hela. Asha, mwambie ajibu hivi: "Hela nitapata kesho." Kisha atafute mwenyewe namba ya ofisi wanayoitaja, asitumie ile ya kwenye meseji, aulize kama wametangaza.

Dereva wa Tabora
Naomba niongeze. Huku msimu wa tumbaku, mwenye lori anaweza kukupigia asubuhi "njoo leo, dereva wangu anaumwa," na jioni upo barabarani. Hakuna mtihani wala barua. Mimi nimepata kazi hivyo mara mbili. Hizo mnazipimaje?

Mzee wa Ghala
Hapo ulimjua mwenye lori na lori ukaliona. Angekuwa mgeni kwako, kwa kweli sina kipimo cha uhakika, zaidi ya kwamba usitoe senti.

Asha wa Ujiji
Mrejesho. Amewaandikia kuwa hela ni kesho. Wamejibu: "Sawa, tumekuongezea mpaka kesho saa 4 asubuhi, lipa hata 20,000 kwanza." Zile nafasi 3 zilizokuwa zinaisha bado zipo! Ofisi waliyoitaja imesema haina tangazo lolote. Meseji tumeituma 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli, pamoja na namba yao. Maombi ya Kibondo yametoka saa 8 mchana, tunasubiri.

Kijana wa Mwanga
Nimekuelewa mzee. Lakini shirika nalo likiweka "haraka" kila wiki kwa nafasi ileile?

Mzee wa Ghala
Nimewahi kuliona hilo. Mara nyingine watu wanakimbia mshahara, mara nyingine wanakusanya wasifu tu. Piga simu uulize aliyekuwepo aliondoka lini.