Naombeni ushauri: ni hasira za kawaida au naadhibiwa?

Wakuu, habari zenu. Nina mwenzangu, mwaka wa pili sasa. Jumapili nilimwambia sitaweza kwenda naye kwa dada yake kwa sababu nilikuwa nimechoka. Hakugomba. Alisema tu "sawa", na tangu hapo meseji zake zikageuka: "Sawa." "Ndiyo." "Vyovyote." Yeye ambaye kila siku hunitumia sauti ya dakika tatu! Nikipiga hapokei, ila kwenye kundi la familia anacheka na kila mtu.

Jumatano nikaomba msamaha, hata sijui wa nini hasa. Ndani ya dakika tano nikawa "mpenzi" tena, kama hakuna kilichotokea. Nilipogusia ya Jumapili, akasema nafufua mambo.

Hii ni mara ya nne, na zote zimekwisha kwa mimi kuomba radhi, hata ile aliyokosea yeye. Mtu aliyekasirika namwelewa. Angesema "nipe muda, tutaongea kesho", ningesubiri bila shida. Huyu hasemi amekasirikia nini wala ataongea lini. Nimeanza kumkubalia kila kitu kwa kuogopa kununiwa, na hilo ndilo linanitisha zaidi.

Kwa haki yake, kwao walilelewa hivyo, baba akinuna nyumba nzima kimya. Labda hajui njia nyingine.

Safari ijayo nisiombe msamaha nione, au nimkalishe sasa tukiwa na amani? Aliyewahi kupitia hili, alianzaje mazungumzo?