Kupandisha Django 2.2 hadi 4.2 kwenye mfumo wa SACCOS: naomba ushauri wa njia ya kurudi

fundi_uyole

Habari za wakati huu wakuu. Ninatunza mfumo wa akiba na mikopo wa SACCOS moja hapa Mbeya, niliurithi kwa aliyeujenga 2019. Upo kwenye Django 2.2, Python 3.6 na PostgreSQL 11. Tupo wawili tu. Marekebisho ya usalama ya 2.2 yaliisha Aprili 2022, na hizi ni pesa za watu, kwa hiyo sina raha.

Mwaka jana tuliruka moja kwa moja hadi 4.2. Tulibadilisha Jumamosi usiku, Jumapili tukaujaribu tukiwa ofisini, ukaenda vizuri. Jumatatu asubuhi makarani wakifungua kurasa zinafunguka, ila kila fomu wakibonyeza kuhifadhi inarudisha 403. Ilipofika saa tano tukakata tamaa, tukarudisha nakala ya hifadhidata ya Jumamosi. Kumbe malipo ya simu yalikuwa yanaingia muda wote huo bila shida. Tulipoteza malipo 63, tukayaingiza upya kwa mkono kutoka kwenye taarifa ya mtandao wa simu. Wanachama walikuja dirishani na meseji zao wakidhani tumewaibia.

Naomba mnisaidie njia ya kwenda kidogokidogo, na hasa jinsi ya kurudi nyuma bila kupoteza kitu.

kamba_ngumu

Pole sana mkuu. Kosa lenu ni nakala iliyopitwa na wakati. Piga `pg_dump` dakika ya mwisho kabla ya kubadilisha, funga mfumo usiku mzima, ruka, jaribu, ukishindwa rudisha. Na ukiwa humo humo weka `BigAutoField`, maana 3.2 itakulalamikia kwa `models.W042` kwenye kila modeli. Maliza yote siku moja.

mwanaisha_k

Kaka kamba, nakala mpya ni lazima, hapo nakuunga mkono. Lakini nakala inakulinda mpaka pale mfumo unapofunguliwa tu. Malipo ya kwanza yakishaingia, kuirudisha ni kuyafuta malipo hayo. Ndicho kilichomkuta fundi, na hata ingekuwa ya dakika ya mwisho angepoteza ya Jumapili na Jumatatu vilevile. Njia ya kurudi inatakiwa iwe kurudisha msimbo wa zamani juu ya hifadhidata ileile, na data mpya zikiwa ndani.

Fundi, nenda 2.2, kisha 3.2, kisha 4.2. Kabla ya hapo tengeneza sakafu moja ya kusimamia matoleo yote matatu: Python 3.9 inakubalika kwa yote, na PostgreSQL ipandishe angalau hadi 12 kwa sababu 4.2 haikubali 11. Fanya hayo ukiwa bado kwenye 2.2, na `psycopg2` iache chini ya 2.9, la sivyo 2.2 itakugomea kuhusu UTC. Mfumo ukae hivyo wiki moja. Ukisumbua, unajua si Django.

Kisha endesha majaribio yako hivi, bado kwenye 2.2:

```
python -Wa manage.py test
```

Maonyo yanayotajwa yarekebishe kwenye msimbo wa sasa na uyapeleke kazini kidogokidogo. Ukifika 3.2 rudia, maana hapo ndipo yatatokea ya 4.0, kama `url()` na `ugettext`. Lengo ni msimbo mmoja unaokimbia kwenye matoleo mawili.

Siku ya kubadilisha, usiiondoe 2.2. Jenga mazingira ya pili pembeni yake, gunicorn ya pili kwenye mlango wake, na nginx igawe:

```
upstream mfumo {
    server 127.0.0.1:8001 weight=9;  # 2.2
    server 127.0.0.1:8002 weight=1;  # 3.2
}
```

Ukiona makosa kwenye logi, futa mstari wa pili, `nginx -s reload`, umerudi. Hakuna nakala iliyoguswa.

daktari_wa_logi

Dada, hilo la kugawa tulilifanya sehemu ninayofanya kazi, ikawa balaa. Watumiaji walikuwa wanatolewa nje kila baada ya kurasa mbili tatu. Tulidhani ni Redis, tukahangaika nayo siku mbili. Mpaka leo sijui ilikuwa nini, tuliishia kuwahamisha wote kwa mpigo.

mwanaisha_k

Sikuona seva zenu, lakini kama mlikuwa mnatoka 2.2 au 3.0, najua pa kuangalia. Tangu 3.1 Django inatia sahihi sesheni kwa SHA-256, zamani ilikuwa SHA-1. Toleo jipya linaisoma sesheni ya zamani, la zamani haliisomi mpya. Mtu akiingia kupitia 3.2, ombi linalofuata likaangukia 2.2, anaonekana mgeni. Dawa ni kuweka hii kwa upande wa 3.2 muda wote ambao 2.2 bado ipo hai:

```python
DEFAULT_HASHING_ALGORITHM = "sha1"
```

Ukiridhika na 3.2, iondoe, halafu usikimbilie 4.2. Subiri sesheni za zamani ziishe, kawaida wiki mbili, kwa sababu 4.0 imeacha kuzisoma kabisa na mpangilio huo nao umeondolewa.

Sasa ile 403, fundi. Mliposema mlijaribu mkiwa ofisini, mlitumia anwani ya ndani isiyo na https?

fundi_uyole

Ndiyo dada, IP ya seva moja kwa moja. Na https inaishia kwenye nginx.

mwanaisha_k

Basi nadhani ni hilo. Kuanzia 4.0 Django inalinganisha kichwa cha `Origin` na anwani inayodhani iko nayo. Kivinjari kinasema https, Django nyuma ya nginx inaona http, inakataa. Kwa IP ya ndani zote ni http, kwa hiyo zilipatana. Malipo ya simu yalipita kwa sababu bila shaka hiyo njia ina `csrf_exempt`. Na mpangilio wenyewe umebadilika sura:

```python
import django

if django.VERSION >= (4, 0):
    CSRF_TRUSTED_ORIGINS = ["https://mfumo.example"]
else:
    CSRF_TRUSTED_ORIGINS = ["mfumo.example"]
```

Jaribu kwa anwani ileile wanayotumia makarani, na hakikisha unahifadhi fomu, si kufungua kurasa tu.

fundi_uyole

Nimeipata, `csrf_exempt` ipo kweli. Swali moja: `migrate` ikishabadilisha majedwali, 2.2 itayaelewa?

mwanaisha_k

Ya Django yenyewe kutoka 2.2 hadi 3.2 ni ndogo, `auth.0012` inapanua `first_name` kutoka herufi 30 hadi 150. 2.2 inaendelea kufanya kazi juu yake, kwa hiyo ukirudi usiitengue. Ukiitengua wakati mtu ameshaandika jina refu, PostgreSQL itakataa. Za kwako mwenyewe: katika kipindi hiki ongeza safu zinazokubali `NULL` tu, usifute wala usibadilishe jina la kitu. Na `BigAutoField` iache, kaka kamba. Inaandika upya funguo za majedwali yote. Weka `"django.db.models.AutoField"` kwenye `DEFAULT_AUTO_FIELD`, onyo litanyamaza.

kamba_ngumu

Kwa `BigAutoField` nakubali. Ila bado sielewi kwa nini asimamie 4.2, ambayo mwisho wake ni Aprili 2026. 5.2 inafika Aprili 2028.

mwanaisha_k

5.2 inataka Python 3.10 na PostgreSQL 14, kwa hiyo ile sakafu inabidi ijengwe upya. Anaweza kuijenga akiwa 3.2, kwani nayo inakubali 3.10. Mimi ningepita 4.2 bila kukaa. Lakini kwa watu wawili wenye mfumo unaohudumia dirisha kila siku, sijui wataweza kasi hiyo.

fundi_uyole

Kwa sasa naanza na Python 3.9 na PostgreSQL. Nitaingia 14 moja kwa moja ili nisihame mara mbili, kama 2.2 haitakataa. Kuna aliyewahi kuziendesha pamoja?