Pensheni ya mzee wa jirani imekatika miezi 3, barua naiandikaje?

Karani wa Keko
Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Mimi ni karani kwenye ghala la saruji hapa Keko. Nazijua hati za kupokelea mzigo, barua za serikali sizijui. Jirani yangu ana miaka 74, alistaafu udereva serikalini. Pensheni yake haijaingia tangu mwezi wa tano. Jana kaniita barazani, kanipa bahasha ya kaki yenye makaratasi yake yote: "Andika mwanangu, waambie nakufa njaa." Nimejaza kurasa mbili, nikimsomea anasema ongeza habari za mke wangu. Nahisi tunaharibu.

Mama Tausi
Huyo hajahakikiwa tu. Mpeleke aweke vidole, mwezi ujao hela inaingia. Barua ya nini?

Karani wa Keko
Alihakikiwa mwezi wa tatu mama, karatasi ipo.

Mzee wa Masijala
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kabla ya uhakiki alikuwa analipwa, miezi miwili baada yake ikakatika. Toa kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki na barua ya kustaafu, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Jina la kwenye malipo lisipofanana na la akaunti, benki inaweza kuirudisha fedha ilikotoka.

Barua iwe ukurasa mmoja. Aandike yeye, "mimi", na asaini yeye. Wewe umeazima mkono tu. Ukiandika kwa jina lako watakuuliza nani kakutuma. Kichwa: "YAH: KUTOLIPWA PENSHENI MEI HADI JULAI", chini yake namba ya pensheni. Taja mwezi wa mwisho kulipwa na tarehe ya uhakiki, kisha omba mawili: sababu, na malimbikizo. Njaa iondoe, karani wa kule hana pa kuiingiza. Peleka nakala 2, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri, ukirudi utaambiwa barua haijaonekana.

Dogo Buza
Mimi mirathi ya baba mwaka wa pili sasa. Nayo naandika hivyohivyo?

Mzee wa Masijala
Hapana kijana, mirathi inaanzia mahakamani kwa msimamizi. Fungua uzi wako.

Karani wa Keko
Mzee shikamoo, umeona mbali. NIDA wameandika "Salum", benki ni "Salumu". Herufi moja! Sasa tuanze na kiapo cha majina kwa wakili au barua itangulie?

Mama Tausi
Kiapo kwanza.

Mzee wa Masijala
Marahaba. Mimi ningetanguliza barua, tarehe ya kupokelewa ianze kuhesabika, kiapo kifuate. Ila wengine watakurudisha mlangoni.

Karani wa Keko
Kesho naomba ruhusa kazini twende Posta mapema. Njaa kakubali tuifute. Habari za mke wake kagoma tuzifute, anasema ndiye aliyemfulia sare miaka yote ile.