Wakili wetu kalazwa na kesi inasikilizwa Alhamisi, barua ya kuomba ahirisho naiandikaje?

Karani_wa_Kanda (Jumanne 1/10/2024)

Habari zenu wakuu. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili mmoja mkoani, yupo peke yake hana mwenzie ofisini. Usiku wa Jumapili kashikwa na tumbo akakimbizwa hospitali, Jumatatu asubuhi kafanyiwa oparesheni ya kidole tumbo. Sasa Alhamisi tarehe 3 tuna shauri la madai Mahakama ya Hakimu Mkazi, sisi ndo upande wa mdai, na siku hiyo ilikuwa ni kusikilizwa siyo kutajwa, shahidi wetu wa pili alikuwa atoke Bukoba kuja kutoa ushahidi.

Bosi kaniambia kwa sauti ya chini sana niandae barua aione. Nimeandika hivi:

> Hakimu Mkazi Mfawidhi,
> YAH: KUAHIRISHA KESI
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wakili wa mdai ni mgonjwa hivyo hatoweza kufika mahakamani tarehe 3/10/2024. Tunaomba kesi iahirishwe mpaka tarehe nyingine itakayopangwa na mahakama. Tumeambatanisha cheti cha hospitali.

Cheti chenyewe ni ED aliyopewa jana, siku 3 kuanzia tarehe 30/9. Naomba kujua kama hii inatosha na nani anasaini, na je naipeleka kwa karani wa hakimu tu inaisha au kuna mtu lazima asimame siku hiyo?

Kinara255

Pole kwa bosi. Hiyo inatosha kabisa mkuu usijipe presha, ugonjwa ni sababu ya msingi hakuna hakimu atakataa. Skani barua na ED pandisha kwenye mfumo wa mahakama, kopi moja mpe wakili wa upande wa pili, basi. Hakuna haja ya mtu kwenda kupoteza nauli.

Dogo wa Mabibo

Mimi yalinikuta haya haya jamani. Wakili wangu alisema anaumwa nisiende atapeleka barua, nikakaa nyumbani, jioni napigiwa simu na mdhamini wangu kuwa hakimu katoa hati ya kunikamata. Nilikuwa nje kwa dhamana. Kwa hiyo mwambie mteja wenu akimbilie mahakamani mapema sana.

Wakili_Ukerewe

Pole sana Karani, na bosi wako Mungu amponye haraka.

Dogo wa Mabibo, yako ilikuwa jinai na wewe ni mshtakiwa mwenye dhamana, hapo kufika ni sharti lako mwenyewe hata wakili awe kaburini. Hii ni madai, hakuna wa kukamatwa. Lakini ushauri wako wa mteja kufika naukubali na ntaeleza kwa nini.

Kinara, upande wa pili kupata kopi hapo uko sawa kabisa. Pale unaposema hakuna haja ya mtu kwenda, hapo ndo watu wanafutiwa kesi. Barua inaieleza mahakama kuna nini, ila ahirisho linaombwa na mtu aliyesimama mbele ya hakimu, na hakimu anaandika kwenye jalada nani kafika na nani hajafika. Kesi ikiwa ya kutajwa barua mara nyingi inabeba. Ya kusikilizwa ni tofauti, tena nyie mko katikati ya ushahidi, na Amri ya 17 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka ushahidi ukishaanza uendelee siku kwa siku mpaka mashahidi waliopo waishe, labda iwepo sababu ambayo hakimu ataiandika. Sasa barua ikichelewa kuingia kwenye jalada, maana inapitia masjala, inagongwa mhuri, inakaa kwenye trei, hakimu anaita kesi saa tatu upande wa mdai kimya, wakili wa mdaiwa anasimama anaomba shauri lifutwe kwa kutohudhuria na linafutwa. Hapo mnaanza kazi ya kuomba kulirejesha ndani ya siku 30, na kiapo juu.

Haya, tuangalie ED yako kwa makini. Siku 3 kuanzia tarehe 30 ni tarehe 30, tarehe 1 na tarehe 2. Inaisha Jumatano. Kesi ni Alhamisi. Yaani kielelezo chako chenyewe kinasema siku ya kesi bosi wako ni mzima! Wakili mwenzetu wa upande wa pili akiipata hiyo kopi hatahitaji hoja nyingine. Hiyo ya siku 3 inaonekana ni ya haraka haraka ya mapokezi, mtu aliyepasuliwa tumbo hapumziki siku tatu. Rudi wodini leo hii, muone daktari aliyemfanyia oparesheni, omba ED mpya inayoonyesha jina kamili la mgonjwa, tarehe ya kulazwa, mapumziko yanaanza lini na yanaisha lini, jina na saini ya daktari pamoja na mhuri wa hospitali. Jina lisomeke sawasawa na lile analotumia mahakamani. Ugonjwa wenyewe si lazima utajwe kwa undani, kesi ni jalada la wazi na tumbo la bosi wako si mali ya umma. "Amefanyiwa upasuaji" inatosha.

Kuhusu saini, wewe karani usisaini. Kama bosi anaweza kushika kalamu asaini mwenyewe hapo kitandani. Akishindwa asaini mteja, maana kesi ni yake.

Wanjala_KE

Huku kwetu Kenya mambo ni kufaili online, unaandikia upande ule mwingine mkubaliane kwanza, mkikubali mnaleta kortini kama consent. Na korti ikikupa adjournment unaeza pigwa court adjournment fees ulipe kabla ya siku ingine. Uliza kama huko kwenu kuna hizo fees usije ukashtuka.

Wakili_Ukerewe

Wanjala asante, huku hatuna ada ya namna hiyo, ila hakimu ana mamlaka ya kuamuru aliyesababisha ahirisho alipe gharama za siku hiyo. Na hilo la kuongea na upande wa pili kwanza ni zuri popote. Karani, bosi akishapata nafuu kidogo ampigie mwenzie leo, au mteja aombe wakili mwingine apige. Wakikubaliana tarehe, andika kwenye barua kuwa wamekubaliana. Wakikataa, andika tu kuwa wamejulishwa na kopi wamepokea.

Karani_wa_Kanda

Asanteni sana. Nimetoka wodini sasa hivi, daktari kanipa ED mpya siku 14, kuanzia 30/9 mpaka 13/10. Kwa hiyo niandike tunapendekeza tarehe 14/10 siku inayofuata?

Bi Mwanakombo

Mwanangu tarehe 14 Oktoba ni Nyerere Day, mahakama zimefungwa. Nilikuwa masjala miaka mingi kabla sijastaafu, barua za hivyo tulizipokea sana tu, mtu anapendekeza sikukuu au Jumapili, na ukishapendekeza tarehe isiyokuwepo hakimu anajua hukuangalia kalenda, basi hata hilo la ugonjwa anaanza kulitilia shaka.

Na usipendekeze moja. Toa tatu, za wiki tofauti kama inawezekana, halafu kabla hujaziandika fungua dayari ya bosi uhakikishe hana kesi nyingine siku hizo, mpigie na shahidi wa Bukoba umuulize anaweza. Usimpangie mgonjwa siku ya kwanza baada ya mapumziko kuisha, mwache apate hata siku mbili tatu za kusoma jalada. Kuandika "tarehe yoyote itakayopangwa" kama ulivyofanya mwanzo si kosa, ila hakimu anapanga kwa dayari yake, unaweza kujikuta umetupwa mwezi Februari maana Desemba katikati likizo ya mahakama inaanza.

Barua ipeleke nakala tatu masjala. Moja inaingia jaladani, moja ya upande wa pili, moja inarudi kwako ikiwa na mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo ya kwako ndiyo atakayoishika mtu wenu Alhamisi. Usimtumie karani wa hakimu kwa wasap ukaona umemaliza, na usimwandikie hakimu kitu ambacho upande wa pili hawajakiona.

Karani_wa_Kanda

Nashukuru sana mama. Dayari ya bosi iko wazi tarehe 17, 22 na 25, shahidi kasema ya 17 hawezi ana msiba lakini mbili zile yuko tayari. Ya 17 nimeiacha nimeweka 30, nayo dayari iko wazi na shahidi kasema yuko tayari. Nimeandika upya naombeni macho yenu:

> Hakimu Mkazi Mfawidhi,
> Mahakama ya Hakimu Mkazi, ………
>
> YAH: OMBI LA KUAHIRISHA USIKILIZAJI WA SHAURI LA MADAI NA. …… LA 2023 ULIOPANGWA TAREHE 3/10/2024 SAA 3:00 ASUBUHI (Mbele ya Mhe. ………)
>
> Mimi ni wakili wa mdai katika shauri tajwa, ambalo limepangwa kuendelea na ushahidi wa upande wa mdai, shahidi wa pili.
>
> Nililazwa tarehe 29/9/2024 na kufanyiwa upasuaji tarehe 30/9/2024. Daktari ameelekeza nipumzike hadi tarehe 13/10/2024. Nakala ya cheti cha daktari imeambatishwa. Ofisi yangu haina wakili mwingine.
>
> Kwa heshima naomba usikilizaji uahirishwe, na napendekeza tarehe 22, 25 au 30 Oktoba 2024, ambazo shahidi wetu amethibitisha kuwa atafika. Wakili wa mdaiwa amejulishwa na amepewa nakala. Mdai atahudhuria mahakamani tarehe 3/10/2024.
>
> Nakala: Wakili wa mdaiwa.

Wakili_Ukerewe

Sasa hii ni barua. Hapo pa shahidi ni pazuri sana, inaonyesha mnataka kesi iende.

Kilichobaki ni nani asimame. Mteja afike, lazima. Na tafuta wakili mwenye leseni hai ashike brifu ya bosi wako, lakini apewe maelekezo mahususi kwamba anaomba ahirisho tu. Nimeshaona wakili kasimama akasema anashika brifu, hakimu akamuuliza "una maelekezo ya kuendelea?" akababaika akajibu ndiyo, akaambiwa basi mlete shahidi. Jalada hajalisoma hata ukurasa mmoja.

Kinara255

Sawa wakili nimekuelewa. Ila shahidi naye aje au asije? Nauli ya Bukoba si mchezo.

Bi Mwanakombo

Mimi ningemleta. Ombi likikataliwa na shahidi hayupo, mahakama inaweza kufunga ushahidi wenu hapo hapo.

Wakili_Ukerewe

Mama hapo tunatofautiana. Shahidi akiwepo hakimu atasema mashahidi waliopo wasikilizwe, na wakili wa kushika brifu atasukumwa amuongoze. Kwa cheti kama hiki mimi ningemwacha Bukoba ila awe karibu na simu. Karani, muulize bosi, yeye anamjua hakimu wake.

Karani_wa_Kanda (Alhamisi 3/10/2024)

Mrejesho wakuu. Bosi alisema shahidi abaki. Mteja alifika saa mbili na nusu, wakili wa jirani akashika brifu na ile nakala yenye mhuri mkononi. Barua kweli ilikuwa haijaingia jaladani, hakimu aliisoma kwenye nakala yetu! Upande wa pili hawakupinga ila waliomba gharama, walikuja kutoka Dar. Imeahirishwa mpaka tarehe 25 na hakimu kaandika kuwa ni ahirisho la mwisho kwa upande wetu, gharama zitaamuliwa pamoja na hukumu. Sasa mteja ananiuliza hizo gharama akishinda kesi atalipa au halipi, sijui nimjibu nini.

Wakili_Ukerewe

Hongereni. Hapo zimeachwa mpaka mwisho, kwa kawaida zinafuata matokeo, ila hakimu hafungwi, anaweza kusema siku ile moja mdai ailipe hata kama kashinda. Mwambie asiihesabu kuwa imeisha. Na tarehe 25 bosi akiwa bado hajisikii vizuri, msiandike barua nyingine, mtafute wakili wa kuungana naye kwenye shauri kuanzia wiki ijayo ili apate muda wa kusoma.