Ushauri: meno ya maziwa kutoka kaburi la kale, tukate lipi kujua kichanga aliishi siku ngapi?

MwanaIpogolo

Wakuu, kamwene. Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Nasoma akiolojia mwaka wa mwisho, kwa sasa nipo uwandani Iringa vijijini. Chini ya jabali moja tumekuta kaburi la kichanga. Vibali tunavyo na serikali ya kijiji inajua tunachofanya, kwa hiyo tafadhali tusianzie huko.

Udongo wa pale ni ule mwekundu wenye tindikali, umekula mifupa karibu yote. Mfupa wa paja haupimiki. Kilichosalimika ni mataji ya meno ya maziwa: mawili ya mbele, chonge moja ambalo taji lake halijafika nusu na ukingo wake umelika, pamoja na kofia nyembamba ya gego. Mizizi hakuna, ilikuwa bado haijaanza kuota.

Kwa chati ya ukuaji wa meno tunapata kuanzia siku za kuzaliwa hadi miezi kama mitatu. Msimamizi ameridhika na hilo, mimi sijaridhika. Nataka kujua kama mtoto alizaliwa hai, na kama aliishi, aliishi kwa muda gani. Nasikia ndani ya enameli, lile gamba gumu la nje la jino, kuna mstari unaoachwa na kuzaliwa. Nikate jino lipi, na jibu lake niliamini kiasi gani?

DaktariMeno_Mwanjelwa

Mdogo wangu, mstari huo upo na ni kitu cha uhakika. Enameli hujengwa kidogo kidogo kila siku tangu mtoto akiwa tumboni. Akizaliwa, mwili unapata mshtuko: lishe ya kitovu inakatika, madini ya kalisiamu kwenye damu yanashuka, seli zinazojenga enameli zinayumba. Alama ya kuyumba huko inabaki ndani ya jino milele. Kata jino la mbele, ndilo lililokua zaidi, weka chini ya hadubini. Mstari ukiuona, mtoto alizaliwa hai na mimba ilikuwa imetimia. Usipouona, alizaliwa mfu. Jibu unalo siku hiyohiyo.

MamaJeni

Samahani kuingilia. Mwanangu wa miaka minne ana mistari myeupe kwenye meno ya mbele na nilijifungua kwa operesheni. Ndiyo hiyo? Halafu nina mtoto wa marehemu dada yangu, hana cheti cha kuzaliwa na shule wanataka tarehe. Je, jino lake likipimwa linaweza kuonyesha amezaliwa lini?

BibiSlaidi

Nimefanya kazi ya kukata meno kwa ajili ya hadubini muda mrefu, naomba nijibu taratibu.

MamaJeni, pole na msiba wa dada. Ya mwanao siyo hii. Mstari wa kuzaliwa una unene wa maikroni kumi, ishirini hivi, na milimita moja ina maikroni 1000, kwa hiyo kwa macho hauonekani. Mistari myeupe mpeleke akaonwe na daktari wa meno. Huyo wa pili, jino halitasaidia, na sababu yake inamhusu hata mwenye uzi. Enameli inahesabu siku pale tu inapokuwa inajengwa. Taji likikamilika, hesabu imefungwa. Jino lililong'oka kwa mtoto wa miaka saba bado lina mstari wa kuzaliwa ndani yake, lakini halikwambii kama ana saba au tisa.

Ndiyo maana, Daktari, kwa heshima zote, jino la mbele si chaguo langu la kwanza. Taji lake hufungwa mwezi mmoja hadi mitatu baada ya kuzaliwa. Huyu mtoto akiwa alifika miezi mitatu, jino la mbele linaweza kuwa lilinyamaza kabla yake. Chonge linaendelea hadi karibu miezi tisa, na gego la pili hupita hapo kidogo. Mwana, kata chonge.

Kuhusu mimba kutimia: mstari unaonyesha siku aliyozaliwa, hauonyeshi kama siku hiyo ilikuwa ya miezi tisa au saba. Njiti naye anao. Tofauti ni kwamba kwake mstari unakaa karibu zaidi na dentini, yaani tabaka lililo chini ya enameli, kwa sababu enameli ya tumboni ilikuwa bado chache.

DaktariMeno_Mwanjelwa

Hilo la njiti nalikubali. Ila kuhusu mfu nasimama palepale. Mstari usipokuwepo ina maana hakuna enameli iliyojengwa baada ya kuzaliwa.

BibiSlaidi

Hapo ndipo watu wazima wamegombana. Ili mstari uonekane kwa hadubini ya kawaida, lazima juu yake pawe na enameli nyingine inayoutenganisha na ukingo. Hiyo inahitaji mtoto awe ameishi kama wiki moja, hadi siku kumi. Hadubini ya elektroni huweza kuuona mapema zaidi. Kwa hiyo usipouona, unaandika "alizaliwa mfu, au alikufa katika siku za mwanzo". Haumtofautishi aliyefia tumboni na aliyelia siku tatu.

Mwaka 2010 Schwartz na wenzake walitumia mstari huu kwenye meno ya vichanga waliochomwa Karthago, kule Tunisia ya leo, wakasema wengi walikufa kabla ya kuzaliwa au mara tu baada ya kuzaliwa, kwa hiyo madai kwamba wote walitolewa kafara hayasimami. Mwaka uliofuata Smith na wenzake wakawajibu kwamba moto hufanya meno yasinyae na umri unatoka mdogo kuliko halisi. Nijuavyo, pande zote mbili hazijaachia. Wewe huna moto, ila una tindikali, nayo ina mambo yake.

MwanaIpogolo

Shikamoo Bibi, nashukuru sana. Tuseme nimekata chonge. Siku nazihesabuje?

BibiSlaidi

Marahaba. Kwanza jino linazamishwa kwenye gundi ya epoksi ili lisipasuke, kisha linakatwa kwa msumeno wa almasi kutoka upande wa mdomo kwenda upande wa ulimi, katikati kabisa, kupita kwenye ncha ya dentini. Kipande kinabandikwa kwenye slaidi na kusagwa hadi unene wa maikroni 100 hivi. Ncha ya dentini ikionekana butu ujue umekata mshazari, na karoti iliyokatwa mshazari kila mtu anajua vipande vyake vinavyokuwa virefu. Vipimo vyako vyote vitazidi.

Ukishaupata mstari wa kuzaliwa, anzia pale unapogusana na dentini. Toka nje kufuata nyuzi za enameli. Katika nyuzi hizo kuna vivuli vidogo vinavyokatisha, kimoja kwa kila siku. Vihesabu mpaka ukutane na mstari mwingine ulio wazi, kisha ufuate mstari huo kushuka hadi kwenye dentini upande wa shingo ya jino, uanze tena kutoka hapo. Unapanda na kushuka hivyo mpaka ukingo.

Tuseme hatua ya kwanza ni maikroni 93 na umehesabu vivuli 30, ya pili ni maikroni 60 na vivuli 20. Mtoto aliishi siku 50 baada ya kuzaliwa. Angalia pia kwamba kila siku imetoka kama maikroni tatu, jambo linaloingia akilini kwa enameli ya maziwa baada ya kuzaliwa.

Sasa vivuli vikiwa vimefutika, wengine hupima urefu na kugawa kwa wastani wa siku. Hizo maikroni 153 ukizigawa kwa 2.5 unapata siku 61, ukizigawa kwa 4 unapata 38. Umeona pengo lilivyo. Usiandike "siku 50" kwenye ripoti kama hukuhesabu vivuli.

Chimbachimba

Mimi nimechimba nyanda za juu huku kwa muda. Bibi kasema vizuri lakini kuna jambo hajalifikia. Enameli ya mwisho kujengwa ilikuwa bado laini mtoto alipokufa, haijajaa madini. Kwenye udongo wenye tindikali ndiyo ya kwanza kupotea, na mwenyewe umesema ukingo umelika. Hizo siku zilizopotea hazihesabiki. Kwa hiyo jibu lako litakuwa "siku zisizopungua 50", basi. Pia madini ya chuma kwenye udongo huo huingia kwenye nyufa na kuchora mistari ya rangi ya kahawia ambayo mwanafunzi hushangilia bure.

MwanaIpogolo

Sasa nitautofautishaje mstari wa kuzaliwa na doa la udongo, au na mstari wa ugonjwa?

BibiSlaidi

Doa la udongo halina adabu, linakatiza nyuzi popote na huanzia kwenye ufa au juu ya jino. Mstari wa kuzaliwa unafuata umbo la enameli lilivyokuwa siku ile, unaonekana upande wa mdomo na upande wa ulimi, na enameli iliyo ndani yake huwa safi kuliko ya nje. Mstari wa ugonjwa ndio mgumu zaidi, kwa sababu nao unafuata umbo. Dawa yake ni jino la pili. Kuzaliwa kuliyapata meno yote kwa siku moja, kwa hiyo mstari lazima uwepo kwenye jino la mbele na kwenye chonge, kila mmoja mahali panapolingana na ukuaji wa jino lake. Kama kuna mistari miwili, idadi ya siku kati yake lazima ilingane kwenye meno yote mawili.

Chimbachimba

Ukate meno mawili ya mtoto mmoja ambaye hana kitu kingine kilichobaki? Mimi nakataa. Kata moja, mengine waachie watakaokuja na vifaa bora. Tayari kuna mashine za miale kama ile ya Grenoble, Ufaransa, zinazoonyesha mistari hii bila kukata.

BibiSlaidi

Na foleni ya Grenoble unaijua? Ukikata vizuri nusu mbili za jino zinabaki, kinachopotea ni unga wa msumeno na kilichosagwa. Piga picha kila upande, chukua mfinyango wa jino zima kwanza.

MzeeWaKalenga

Wanangu, nimesoma yote. Hapo kijijini kuna kina bibi waliowazika watoto wachanga kwa mikono yao. Mmewauliza kuhusu kaburi la namna hiyo chini ya jabali, nani alizikwa hapo na nani hakuzikwa?

MwanaIpogolo

Mzee shikamoo. Mwenyekiti wa kijiji tulimuuliza, kina bibi bado.

Nitamwonyesha msimamizi uzi huu Jumatatu. Chonge naona tumekubaliana, mifinyango na picha zitatangulia. La jino la pili bado sijui niegemee kwa nani kati ya Bibi na kaka Chimbachimba. Je, ile kofia ya gego, ambayo tayari imepasuka vipande viwili, inatosha kuthibitisha mstari badala ya jino la mbele?

BibiSlaidi

Inaweza, kama ufa haukupita kwenye ncha ya dentini. Weka picha tuone.